Kunasa malipo yaliyotoka mara mbili kwa muuzaji mmoja: kiasi, tarehe na muuzaji kwenye leja

Ukiangalia leja ukitafuta mistari miwili inayofanana kabisa, yaani muuzaji yuleyule, shilingi zilezile na siku ileile, utapata michache sana, na mingi kati yake mfumo wa uhasibu ulikuwa umeshaikataa wenyewe. Malipo ya mara mbili yanayopita hadi benki huwa yametofautiana kidogo katika kitu kimoja au viwili. Muuzaji amesajiliwa mara mbili, kodi ya zuio imekatwa mara moja na kusahauliwa mara nyingine, au tarehe imegeuzwa na kompyuta. Mwongozo huu unafuata kisa kimoja cha namna hiyo kwenye Excel, kwa sababu kampuni nyingi za Uganda zenye mfumo wowote wa uhasibu zinaweza kutoa leja yao hadi kwenye Excel.

Kisa chenyewe kimetungwa kwa ajili ya mfano. Kiwanda cha kusaga mahindi mjini Mbale kinanunua mifuko 5,000 ya kufungashia unga, kila mmoja shilingi 1,000. Ankara ni 5,000,000, VAT ya asilimia 18 ni 900,000, jumla 5,900,000. Kiwanda ni wakala wa kodi ya zuio aliyeteuliwa na URA, kwa hiyo kinakata asilimia 6 ya kiasi kabla ya VAT, yaani 300,000, na kumlipa muuzaji 5,600,000. Leja inaonyesha hivi:

```
Vocha   Tarehe      Msimbo  TIN     Ankara    Kilicholipwa  Zuio
PV1182  14/03/2025  V0147   (ipo)   INV/0451  5,600,000     300,000
PV1260  11/04/2025  V0392   (tupu)  451       5,900,000     0
```

Ni ankara ile ile. Mara ya pili ililetwa kama nakala iliyoambatanishwa na barua ya kukumbushia deni, ikaingizwa na karani mwingine kwenye msimbo wa pili wa muuzaji huyohuyo, msimbo ambao haukuwekewa TIN wala alama ya kukatwa kodi ya zuio. Muuzaji, kiasi, tarehe na hata namba ya ankara vyote vinatofautiana kwenye karatasi. Kazi yetu ni kuvirudisha vifanane.

Hatua ya 1: Toa leja ya muda wa kutosha

Usitoe mwaka mmoja wa fedha peke yake. Toa miezi 15. Ankara ya Juni iliyolipwa Juni, kisha ikalipwa tena Julai, haionekani ukifungua faili ya mwaka mpya pekee, na mwisho wa mwaka ndio wakati makarani wanalipa kwa haraka ili kufunga hesabu.

Hakikisha umechukua malipo ya njia zote: EFT, RTGS, hundi, simu na pesa taslimu ya ofisini. Ankara iliyolipwa kwa hundi Jumatatu na kwa simu Alhamisi haitakutana kamwe kama kila njia ina faili yake. Ziweke zote kwenye jedwali moja lenye safu hizi: A vocha, B tarehe ya malipo, C TIN, D namba ya ankara, E kiasi kilicholipwa, F kodi ya zuio, G akaunti ya benki au namba ya simu iliyopokea pesa. Msimbo wa muuzaji uweke mbali, safu M kwa mfano. Utauhitaji baadaye, ila usiutumie kulinganisha, maana ndio unaotudanganya.

Hatua ya 2: Safisha tarehe kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza kazi nzima bila kujua. Leja za Uganda zinaandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta nyingi zimekuja na mpangilio wa Marekani, unaosoma mwezi kwanza. Ukifungua faili ya CSV kwa kubofya mara mbili kwenye kompyuta kama hiyo, 14/03/2025 inabaki maandishi matupu kwa sababu hakuna mwezi wa 14. Lakini 11/04/2025 inageuka kimyakimya kuwa tarehe 4 Novemba. Malipo yetu mawili yaliyoachana kwa siku 28 sasa moja halina tarehe na jingine liko miezi saba mbele. Fomula yoyote ya kutafuta tarehe zilizokaribiana itayakosa yote mawili.

Dalili ni rahisi kuona. Panua safu ya tarehe: zilizo maandishi zinalala upande wa kushoto wa seli, za kweli upande wa kulia. Ukiona mchanganyiko, na zile za kulia hazina siku hata moja inayozidi 12, ujue zimegeuzwa. Usijaribu kuzirekebisha moja moja. Rudi kwenye faili ya asili, nenda Data > From Text/CSV, bonyeza Transform Data, bofya kulia kwenye safu ya tarehe, kisha Change Type > Using Locale, uchague Date na English (United Kingdom). Ukimaliza, chukua vocha tano za karatasi ulinganishe tarehe zake na zilizo kwenye skrini.

Hatua ya 3: Safisha kiasi na namba ya ankara

Kiasi kikija na alama ya "/=" au kikibeba nafasi zisizoonekana kutoka kwenye tovuti ya benki, Excel inakiona kama maandishi. TRIM haiondoi nafasi hizo za benki, unahitaji CHAR(160):

```
=IF(ISNUMBER(E2),E2,VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(E2,"/=",""),",",""),CHAR(160),"")))
```

Nakili majibu na uyabandike kama thamani juu ya safu E. Kisha jumlisha safu nzima na ulinganishe na jumla ya leja. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, simama utafute sababu kabla ya kuendelea.

Safu H ndiyo kiini cha kazi hii. Usilinganishe kilicholipwa, linganisha kiasi cha ankara kabla ya kodi ya zuio:

```
=E2+F2
```

PV1182 inakuwa 5,600,000 + 300,000, na PV1260 inabaki 5,900,000. Tayari mistari miwili iliyokuwa ikitofautiana kwa shilingi 300,000 imekutana.

Kuna leja zisizoweka kodi ya zuio kwenye mstari wa malipo. Inaingizwa mwisho wa mwezi kwa jumla. Hapo utalazimika kurudi nyuma kwa hesabu. Kwa muuzaji anayetoza VAT, kiasi kabla ya VAT tukiite 1, VAT inaongeza 0.18 na zuio linapunguza 0.06, kwa hiyo anapokea 1.12. Ankara kamili ni kilicholipwa mara 1.18 gawanya kwa 1.12. Jaribu: 5,600,000 × 1.18 ÷ 1.12 ni 5,900,000 kamili. Kwa asiyetoza VAT, gawanya kilicholipwa kwa 0.94. Usitumie hesabu hii kwa ankara ambazo hazizidi shilingi 1,000,000, wala kwa muuzaji mwenye msamaha wa kodi ya zuio kutoka URA, kwa sababu hao hawakukatwa kitu. Na kama kampuni yako inazuia pia VAT, kigawanyo kinabadilika. Kipige upya kutoka kwenye vocha moja ambayo unaijua vizuri.

Safu I iwe namba ya ankara iliyovuliwa mapambo. Herufi O iliyoandikwa mahali pa sifuri ni ya kawaida mno, kwa hiyo igeuze kuwa sifuri kwenye namba zote:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(D2),"INV",""),"/",""),"-","")," ",""),"O","0")
```

INV/0451 inakuwa 0451, na 451 inabaki 451. Zinaonekana bado tofauti, ila fomula ya COUNTIFS tutakayoitumia hatua ya 5 inazisoma zote kama namba na kuzihesabu kuwa kitu kimoja, kwa hiyo usihangaike na sifuri za mbele. Ukitumia jedwali egemeo (PivotTable) badala ya COUNTIFS, zitatengana tena.

Namba za simu kwenye safu G zinaandikwa kwa namna tatu: zinaanza na 0, na 256, au na +256. Ondoa nafasi, kisha bakiza tarakimu tisa za mwisho kwa RIGHT.

Hatua ya 4: Mtambue muuzaji kwa TIN, si kwa jina

Jina la kampuni moja linaweza kuandikwa kwa "Ltd", kwa "Limited", kwa "(U) Ltd" au kwa "Uganda Limited", na kila namna ikapewa msimbo wake. TIN ya URA ina tarakimu 10 na haibadiliki muuzaji akihamia benki nyingine au akibadilisha jina la biashara. Ndiyo maana safu C ni TIN.

Tatizo ni kwamba misimbo ya ziada mara nyingi haina TIN, kama V0392 wetu. Kwa hiyo panga orodha ya wauzaji kwa akaunti ya benki au simu. Misimbo miwili inayopokelea akaunti moja ni ya mtu mmoja, na ile isiyo na TIN unaijazia TIN ya mwenzake kwenye nakala yako ya kazi. Usiijaze kwenye mfumo wenyewe bado. Kuna swali la nani aliifungua na kwa nini, na jibu lake unalihitaji kabla ushahidi haujabadilishwa.

Wauzaji wadogo wasio na TIN kabisa, kama wa kuni, usafirishaji au chakula cha wafanyakazi, watambue kwa tarakimu tisa za simu uziweke kwenye safu C.

Hatua ya 5: Vipimo viwili

Kipimo cha kwanza, safu J, kinauliza: ni malipo mangapi ya muuzaji huyu, ya kiasi hiki cha ankara, yaliyo ndani ya siku 45 kabla au baada ya hili?

```
=COUNTIFS($C$2:$C$5000,C2,$H$2:$H$5000,">="&H2-500,$H$2:$H$5000,"<="&H2+500,$B$2:$B$5000,">="&B2-45,$B$2:$B$5000,"<="&B2+45)
```

Nafasi ya shilingi 500 kila upande ni ya tofauti za kukadirisha kodi. Siku 45 zimechaguliwa kwa sababu wauzaji wengi wanatoa siku 30 za kulipa, na barua ya kukumbushia inakuja muda huo ukiisha. Nakala ya ankara inaingia mezani mara ya pili wiki ya nne hadi ya sita. Ukishamaliza kupitia matokeo, badilisha 45 iwe 90 uone kinachoongezeka.

Soma majibu kwa makini. Kila mstari unajihesabu wenyewe, kwa hiyo jibu la chini kabisa lililo sahihi ni 1. Kuanzia 2 kuna wa kuchunguza. Na ukiona 0, mstari umeshindwa hata kujipata: tarehe ni maandishi, au TIN ni tupu. Seli tupu ikitumiwa kama sharti, COUNTIFS inaichukulia kuwa sifuri na haipati kitu. Kama usingefanya hatua ya 4, PV1260 ingetoa 0 na PV1182 ingetoa 1, na watu wengi wangechuja 2 na kuendelea kisha wasione chochote. Chuja sifuri kwanza, zirekebishe zote, ndipo uangalie mbili.

Kipimo cha pili, safu K, kinamwacha muuzaji na tarehe kabisa:

```
=COUNTIFS($I$2:$I$5000,I2,$H$2:$H$5000,">="&H2-500,$H$2:$H$5000,"<="&H2+500)
```

Hiki kinanasa ankara iliyolipwa kwa misimbo miwili isiyoshiriki hata akaunti, na pia iliyorudiwa baada ya miezi mitano. Kiasi lazima kibaki kwenye sharti. Vitabu vya risiti vinavyonunuliwa dukani vinaanza vyote na 001, kwa hiyo wauzaji kadhaa watakuwa na ankara 023 bila uhusiano wowote. Kipimo hiki kina udhaifu mmoja mkubwa: makarani wanaoandika "MACHI 2025" au namba ya LPO mahali pa namba ya ankara. Mistari ya namna hiyo inapimika kwa J tu.

Hatua ya 6: Ondoa yanayofanana kihalali

Panga jedwali kwa H, kisha kwa C, uanze na kiasi kikubwa. Sasa tenganisha aina tatu ambazo zitajaza orodha yako.

Ya kwanza ni malipo yaliyorudi. Akaunti iliandikwa vibaya, EFT ikakataliwa, ikatumwa upya siku tatu baadaye. Kwenye leja kuna malipo mawili na pengine mstari hasi katikati. Mstari hasi ukiwepo, mambo yamekwisha, lakini thibitisha kwenye stetimenti ya benki kwamba pesa zilirudi kweli. Nimesisitiza benki kwa sababu mstari hasi wa leja unaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye ruhusa ya jonali, bila shilingi hata moja kurudi.

Ya pili ni kodi ya jengo, ulinzi, intaneti na huduma nyingine za kila mwezi. Hapa umbali wa siku peke yake haukuambii lolote: malipo yetu ya mifuko yameachana kwa siku 28 na yanaonekana kabisa kama manunuzi ya kila mwezi. Hesabu miezi badala yake. Mlinzi anayelipwa kila mwezi awe na malipo 15 kwa miezi 15; yakiwa 16, tafuta mwezi uliolipwa mara mbili kwenye maelezo ya vocha.

Ya tatu ni nusu kwa nusu. Mkataba wa 8,000,000 unalipwa 4,000,000 kuanza na 4,000,000 kumaliza. Kiasi ni kimoja, muuzaji mmoja, ankara moja, ndani ya wiki chache. Fomula haiwezi kuyatofautisha na kosa. Linganisha jumla iliyolipwa kwa ankara hiyo na jumla ya ankara yenyewe: ikizidi, kuna tatizo, isipozidi, yaache.

Hatua ya 7: Thibitisha kwa karatasi

Kilichobaki ni jozi chache. Toa vocha zote mbili uziweke sambamba. Kwa muuzaji aliye kwenye EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, angalia namba ya hati ya kodi (FDN). Kila ankara ya EFRIS ina yake. Manunuzi mawili ya kweli yatakuwa na FDN mbili. Vocha mbili zenye FDN moja ni ankara moja iliyolipwa mara mbili, hata kama namba ya juu ya karatasi imeandikwa tofauti. Kwa PV1260, nakala ilikuwa na FDN ileile ya PV1182.

Muuzaji asiyetumia EFRIS, nenda stoo. Ankara mbili za mifuko 5,000 zinahitaji hati mbili za kupokea mzigo, zenye sahihi ya mtunza stoo na tarehe mbili. Ikiwepo hati moja tu iliyotolewa nakala, umepata jibu. Kwa huduma zisizoingia stoo, omba stetimenti ya muuzaji: upande wake malipo ya pili yataonekana kama salio ambalo wewe unamdai bidhaa au pesa.

Hatua ya 8: Rudisha pesa na usahihishe vitabu

Mwandikie muuzaji ukitaja vocha zote mbili, tarehe za benki na FDN, uombe kurejeshewa 5,900,000 au makubaliano ya maandishi ya kuikata kwenye ankara zijazo. Usiikate bila barua yake, atakuhesabu mdeni. Usiombe pia noti ya kupunguza ankara kwenye EFRIS, kwa kuwa ankara yenyewe ni sahihi. Kilichozidi ni malipo.

Kwenye vitabu, ingizo la pili liliongeza gharama ya mifuko kwa 5,000,000 na VAT ya manunuzi kwa 900,000. Zifute zote mbili, upeleke 5,900,000 kwenye akaunti ya muuzaji kama deni lake kwenu. Kama ritani ya VAT ya Aprili ilishawasilishwa na 900,000 hiyo ndani, irekebishwe, kwa sababu FDN moja haidaiwi mara mbili. Kodi ya zuio ya 300,000 ilikatwa na kulipwa sawasawa kwenye malipo ya kwanza, usiiguse.

Kisha funga V0392 na uhamishie historia yake V0147.

Kabla ya malipo yajayo

Faili hii usiitupe. Kila siku ya malipo, bandika orodha ya ankara zinazosubiri chini ya leja ya miezi 12 iliyopita, tarehe ya leo ikiwa kwenye safu B, uburute safu H hadi K zishuke. Orodha ya ankara 80 inapitiwa kwa dakika chache, na anayepitisha malipo apelekewe mistari yenye 2 au 0 pamoja na vocha zake za zamani kabla hajatia sahihi kwenye faili ya benki.